Kokwa limekwenda wapi? Hadithi ya marafiki watano na embe moja imenikera

Mama wa Wete:

Jamani, nina hasira na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mwanangu yuko darasa la pili. Wamegaiwa kitabu cha hadithi skulini: marafiki watano wametoka kucheza, njaa inawauma, wakaokota embe moja bivu. Wanagombana ukurasa mmoja, halafu mkubwa wao anasema tugawane. Ukurasa wa mwisho embe limechorwa limekatwa kama mkate wa boflo, vipande vitano vya duara, njano tupu, na chini yake maneno: kila mmoja akapata sawa, wote wakashiba. Kwisha.

Kokwa limekwenda wapi? Aliyeandika na aliyechora hawajapata kukata embe hata siku moja?

Ijumaa mwanangu akafanya kama kitabu kilivyosema. Walikuwa watano kweli, yeye na binamu zake na watoto wa jirani, wamekaa barazani na boribo moja. Akalilaza akalikata kwa upana. Kipande cha kwanza, cha kwenye ncha, kikatoka kidogo kama biskuti. Cha pili kisu kikagota. Akakandamiza, kisu kikateleza, nusura kidole. Basi wakaanza kuling'oa kwa mikono, maji yanawachuruzika mpaka kwenye viwiko, nyama inaanguka mchangani. Mdogo wao, ana miaka minne, akaambulia ganda lenye utando. Kaja kwangu analia, na nyuma yake mwanangu kashika kitabu: "Mama, kimesema sawa."

Nikachukua boribo jengine nikawaonesha. Unalisimamisha, kikonyo juu. Kokwa limekaa bapa katikati, kwa hiyo upande mpana wa embe unakwambia kokwa limelala vipi. Kisu unakishusha pembeni kidogo ya kikonyo. Ukisikia kinakwaruza, umeligusa kokwa, sogea nje. Linatoka shavu la kwanza, unageuza, linatoka la pili. Halafu unapitisha kisu kwenye kingo mbili nyembamba, zinatoka mbavu mbili. Linabaki kokwa na nyama yake.

Hesabuni. Mashavu mawili, mbavu mbili, kokwa moja. Vitu vitano, watoto watano! Embe limeshajigawa lenyewe, ila halikujigawa sawa. Nikavipeleka dukani kwa jirani kwenye mizani: kila shavu kiasi cha gramu 140, kila ubavu gramu 35, kokwa na nyama yake gramu 100. Nani achukue shavu? Nani ale ubavu? Hapo ndipo hadithi ilipo, na mwandishi kairuka!

Na hilo la kushiba ndilo lililoniuma zaidi. Embe zima halikufika nusu kilo, na humo mna ganda na kokwa. Kila mtoto ni matonge manne matano. Mtoto aliyekuja skuli bila ya kunywa chai anajua kushiba ni nini. Usimwandikie kuwa kashiba.

Mwana wa Chake:

Pole dada, lakini dawa yake nyepesi na tumelelewa nayo. Anayekata achague mwisho. Basi. Atakata sawa kwa kuogopa kubaki na kidogo. Hadithi ingesema hivyo tu ingetosha.

Mzee wa Shamba:

Mwanangu wa Chake, hiyo ni dawa ya watu wawili. Wakiwa wawili, mmoja anakata, mwenziwe anachagua, hakuna wa kulalamika. Wakiwa watano, anayekata kweli atajitahidi visawazike machoni pake. Lakini huyu wa tatu na wa nne wana macho yao. Wataona waliotangulia wamebeba vinono, na hawakukata wao wala hawakuchagua mwanzo. Ugomvi umehama tu kwa mkataji, umekwenda kwa wa kati.

Na wewe mama wa Wete, uliyosema juu ya kisu ni sawa, ila umepima boribo. Boribo nyama yake laini, haina nyuzi nyingi, shavu linatoka safi na kokwa linabaki jepesi. Chukua embe la nyuzi. Nyuzi zake zinashikilia nyama kwenye kokwa, na mwenye kokwa la embe hilo anakaa nalo anafyonza wenziwe wameshamaliza zamani. Sisi tulipokuwa wadogo kokwa likigombaniwa. Kwa hiyo kabla ya kusema nani kaonewa, niambie kwanza ni embe gani.

Bi Muembe:

Mimi nauliza, hilo embe wameliokota kwa nani? Nina muembe wangu mmoja nyuma ya nyumba, kila msimu watoto wanaurushia mawe, bati langu limetoboka mara mbili, halafu wanakwambia "tumeokota". Kitabu kinawafunza kuwa embe likishaanguka halina mwenyewe. Hodi hawakupiga hata kwa mtu mmoja?

Mama wa Wete:

Bi Muembe, pole kwa bati, lakini mimi nazungumzia kugawana.

Bi Muembe:

Na mimi nazungumzia kugawana. Mwenye mti ni wa sita.

Mwalimu wa Konde:

Nasomesha wadogo, nataka kumtetea mwandishi kidogo. Vitabu vya darasa hilo vinapewa kurasa chache na mstari mmoja au miwili kila ukurasa. Hapana nafasi ya mashavu na mbavu. Mtoto anatakiwa asome maneno "sawa", "tano", "gawa". Na kama ni usawa, wangelikamua embe likawa juisi, wakapimiana kwa kikombe kimoja.

Mama wa Wete:

Mwalimu, kwa heshima zote, hapana. "Wakakata, kisu kikagota" ni maneno matatu. Mtoto wa darasa la pili anayasoma, na palepale anauliza kisu kimegota wapi. Nafasi ilikuwepo. Ugomvi umepewa ukurasa mzima, kukata hakukupewa hata mstari.

Hilo la juisi nakubali kuwa kikombe kinapima vizuri kuliko kisu. Lakini watoto watano wako njiani na njaa yao, chujio watalitoa wapi, na sukari?

Mwana wa Chake:

Labda lilikuwa embe changa. Changa unalikata kwa upana, kisu kinapita hata kwenye kokwa, unatia chumvi na pilipili. Mchoraji huenda alikuwa na hilo akilini.

Mzee wa Shamba:

Hapo umepatia nusu. Embe changa sana kokwa lake bado laini na kisu kinapita. Lakini ndani ya kila kipande utaliona, jeupe katikati. Na hadithi imesema bivu, picha ni njano. Likishapevuka, kokwa linakuwa gumu, hupitishi kisu cha jikoni.

Mama wa Wete:

Ijumaa, kwa lile embe la pili, nilimpa huyu wa miaka minne shavu zima kwa sababu ndiye aliyelia. Mwanangu akasema si haki, yeye hakula tangu asubuhi na mdogo kala uji. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mdogo apewe kwa udogo wake, au mwenye njaa zaidi kwa njaa yake?

Mzee wa Shamba:

Kwetu mdogo akianza. Lakini tulikuwa sote tumelala na njaa moja.

Mwalimu wa Konde:

Jumatatu nitaingia na embe darasani niwaache wagawane wenyewe, watano watano, kisu nishike mimi. Boribo au la nyuzi?

Mzee wa Shamba:

Yote mawili. Na uliza kwanza nani kanywa chai.

Bi Muembe:

Na nani mwenye mti.