Mashine ya kuchambua karafuu: tuombe hataza au tutoe michoro bure?

Mchambuzi_Wete
Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba ushauri kabla ya msimu. Sisi ni karakana ya watu watatu hapa Wete, na tumeunda mashine ya kuchambua karafuu mbichi, yaani kutenga punje na makonyo, kazi ambayo watu huifanya kwa mkono juu ya jamvi mpaka usiku. Ndani mna roli mbili za mpira za sentimita 40, zinazozunguka kwa kuelekeana lakini kwa kasi mbali mbali: moja mara 90 kwa dakika, nyengine 120. Chini yake kuna kitana cha waya za chuma. Konyo linabanwa baina ya meno, punje zinavutwa na kudondoka. Roli peke yake zilikuwa zinavunja vichwa vya karafuu, na kitana ndicho kilichopunguza tatizo.

Mwenzetu aliyetoa pesa za chuma na mota anataka tuombe hataza ili kila karakana itakayoiga itulipe. Wa pili anasema tutoe michoro bure, kwa sababu karafuu mbichi zikilundikwa hupata joto na kuchacha, na anayepata hasara ni mkulima. Mimi nipo katikati yao. Tena mwezi wa Machi tuliwaonesha wakulima kama 30 Mtambwe, na kijana mmoja akatia video YouTube. Kwa kuwa hataza inataka kitu kipya, tumechelewa?

Bin_Mkoani
Hamjachelewa hata kidogo. Kuna ile miezi 12 ya kimataifa, ya Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani. Toka siku mlipoonesha hesabuni mwaka, ombeni kabla haujesha, basi.

Karani_wa_Vuga
Bin Mkoani, hapo umechanganya vitu viwili, na wengi wamepotezea hataza zao hapo hapo. Miezi 12 ya Paris inahesabiwa toka siku ulipopeleka ombi la kwanza katika nchi moja. Inakupa nafasi ya kuomba kwengine bila ya kupoteza tarehe yako. Haikusamehe lolote ulilolionesha kabla ya ombi hilo la kwanza. Msamaha wa namna hiyo ni kitu chengine na kila nchi ina wake: Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja, Ulaya takriban haupo.

Mchambuzi, usianze na suala la nani alipwe. Anza na video. Itazame kama fundi mgeni, uisimamishe kila sekunde chache, na ujiulize: mtu wa karakana ya Muheza akiiona hii tu, ataweza kutengeneza kitana? Kilichotoka hadharani ni kile ambacho mtazamaji mwenye ujuzi angeweza kukijua. Kama boksi lilifungwa muda wote, video imetoa habari kwamba mashine ipo, haijatoa siri ya ndani. Wale 30 wa Mtambwe wahesabu vivyo hivyo: nani aliinama akatazama ndani, na kuna yeyote aliyeambiwa asiseme?

Mchambuzi_Wete
Nimeitazama tena. Dakika ya nne konyo lilikwama na mwenzetu akafungua mfuniko. Meno ya kitana yanaonekana vizuri. Namna yanavyoshikiliwa na springi chini, hiyo haionekani.

Karani_wa_Vuga
Basi umeshajijibu nusu. Kitana kimetoka, springi haijatoka. Pakua video, andika tarehe iliyopandishwa, kisha nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, na ukisome pamoja na msajili kifungu cha upya wa uvumbuzi katika Sheria namba 4 ya 2008 ya Zanzibar. Na kuanzia leo mfuniko usifunguliwe mbele ya mtu.

Mwandishi_Chake
Mbona mnajisumbua? Andikeni kijitabu chenye michoro na vipimo vyote, mkipeleke COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Hakimiliki ni rahisi na inadumu zaidi kuliko hataza. Atakayeunda mashine hiyo atakuwa ameiba kitabu chenu.

Karani_wa_Vuga
Ni kweli kwamba hakimiliki ni rahisi. Inazaliwa wakati ule ule unapoandika. Lakini inalinda maandishi na michoro yenyewe. Mtu akitoa nakala ya kurasa zako na kuziuza, unamshika. Akisoma kijitabu, akakifunga, akaenda kuchomelea mashine, hujamshika popote. Kesi ya mfano ilikwisha amuliwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1880, Baker dhidi ya Selden. Selden aliandika kitabu cha mfumo mpya wa kuweka hesabu, Baker akatoa fomu zinazofanya kazi kwa mfumo ule ule, na mahakama ikasema kitabu ni chako lakini mfumo ukitaka kuumiliki ungeuombea hataza. Mpaka huo umewekwa makusudi. Kama hakimiliki ingebeba na wazo, fundi mmoja angefungia ufundi wote maisha yake na miaka kadhaa baada ya kufa.

Ummu_Salma
Na sisi tunaotengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya karafuu? Jirani ameiga kila kitu mpaka rangi ya karatasi. Naweza kuombea hataza mchanganyiko wangu?

Karani_wa_Vuga
Bi Ummu Salma, suala lako lina mlango wake. Mchanganyiko ambao tayari unauzwa na kujulikana si mpya tena. Marekani iliwahi kutoa hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, mwaka 1995. Wahindi wakaleta maandiko yao ya zamani kuonesha kwamba jambo hilo linajulikana siku nyingi, ikafutwa 1997. Wewe linda jina na alama ya karatasi: sajili alama ya biashara. Ukifungua uzi wako nitakuja.

Mkulima_Ole
Mimi nataka kusema upande wetu. Msimu ukiwa mkubwa wachambuaji hawapatikani, na kila karakana kisiwani inaweza kutengeneza kitu hichi. Mkikifunga kwa miaka 20, mashine itapanda bei na tutarudi kwenye jamvi.

Mwalimu_Fizikia
Mkulima ana hoja, na historia ya injini za mvuke inamsaidia. James Watt alipata hataza yake 1769, Bunge likamrefushia 1775 mpaka 1800. Migodi ya Cornwall ililipa theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Hataza ilipokwisha, wahandisi wa migodi ile wakaanza mwaka 1811 kutoa taarifa ya kila mwezi: injini ipi, muundo gani, imeinua maji kiasi gani kwa kiasi fulani cha makaa. Kila mtu akaona ya mwenzake. Injini zao zikaimarika sana katika miongo iliyofuata.

Karani_wa_Vuga
Mwalimu, mfano ni mzuri lakini tazama nani alikuwa analipwa. Wahandisi wa Cornwall walikula mshahara wa migodi, na taarifa nzuri iliwaletea kazi ya mgodi mwengine. Karakana ya Wete inakula kwa kuuza mashine. Na Watt bila ya hataza asingempata Boulton wa kumtilia mtaji, kama vile mwenzao aliyenunua chuma.

Tena hataza nayo ni kutoa ujuzi. Sharti lake ni kueleza uvumbuzi mpaka fundi wa kawaida aweze kuuunda: nafasi baina ya roli, ugumu wa mpira, nguvu ya springi. Ukificha hapo, ombi linaanguka. Maelezo yanachapishwa, na popote ambapo hukuomba, watu wako huru siku hiyo hiyo. Haki hizi si jambo la Muungano. Cheti cha BPRA hakimzuii fundi wa Tanga wala Morogoro, wala cha BRELA, wakala wa usajili wa Bara, hakimzuii wa Mkoani. Madagaska na Indonesia ndiyo usiseme.

Kabla ya yote, tafuteni kama kitu kipo. Fungueni `Patentscope` na `Espacenet`, tovuti za kutafutia hataza za dunia, mtafute kwa namba ya kundi `A23N 15/02`, ndiko zinakokaa mashine za kutoa vikonyo vya matunda. Mtazikuta za zabibu. Kisha andikeni `perontok cengkeh`, maana Waindonesia ndio wakulima wakubwa wa karafuu na mashine za kupukutisha wanazo. Hizo hamtaziona mkitafuta kwa Kiingereza peke yake.

Mchambuzi_Wete
Nimetafuta siku mbili. Za Indonesia nyingi nilizoziona zina pipa lenye meno. Roli mbili za mpira nimezikuta kwenye mashine ya matunda, ya zamani. Roli pamoja na kitana chenye springi sijaona.

Karani_wa_Vuga
Sasa unaweza kuandika dai, yaani ile sentensi ya ombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe. Ukidai "roli mbili za kutenga punje na konyo", ile ya matunda inakuua. Ukidai "kitana cha meno 36 ya waya wa milimita 3", mwenzako ataweka meno 34 na utamtazama tu. Ukubwa wa dai ufuate sababu ya mashine kufanya kazi. Kwa nini vichwa havivunjiki?

Mchambuzi_Wete
Konyo nene likija, kitana kinashuka kama milimita 5 kisha kinarudi. Kikifungwa kwa bolti, punje zinabanwa dhidi ya meno na vichwa vinakatika.

Karani_wa_Vuga
Hilo ndilo dai lako: kitana kinachoshuka na kurudi chini ya roli za kasi mbali mbali. Iwe ni springi, mpira au uzito, yote yamo. Linaweza kukosa ukubwa wa hataza kamili, basi muulize msajili ile hataza ndogo isiyodai hatua kubwa ya uvumbuzi. Na kumbuka ada ya kila mwaka. Isipolipwa haki inakufa. Kumshtaki anayeiga ni juu yako, na karakana kumi ni kesi kumi.

Mwalimu_Fizikia
Mkichagua kutoa bure, video haitoshi. Andikeni waraka wenye tarehe na vipimo, pamoja na njia nyengine mlizofikiria za kushikilia kitana, muweke `Zenodo`, hazina ya wazi ya nyaraka mtandaoni. Tarehe inabaki, na mgeni hawezi kuja kukifungia kitana chenu kwa hataza yake. Kijitabu kipeni leseni ya `CC BY-SA 4.0`, lakini hiyo ni ya maandishi tu. Kwa michoro ya mashine yenyewe tazameni `CERN-OHL-S`: anayeboresha na kuisambaza lazima naye atoe michoro yake.

Mkulima_Ole
Kwani hamuwezi kuomba hataza kisha mkaziruhusu karakana za Pemba bure, mkawatoza wa nje?

Karani_wa_Vuga
Mwenye hataza anaweza. Ila ya Zanzibar inafika Unguja na Pemba tu, kwa hiyo wa kumtoza ni karakana ya Unguja. Kumtoza wa Tanga kunataka ombi la Bara, na ada za pili.

Mwalimu_Fizikia
Kwa soko la karakana za Unguja, mimi naona ada zitakula faida.

Karani_wa_Vuga
Sikubali moja kwa moja. Kwa karakana ya watu watatu, miaka miwili mitatu ya mwanzo bila ya mwigaji inaweza kurudisha pesa ya mota.

Mchambuzi_Wete
Shukrani nyote. Tumekubaliana haya tu: ombi la springi na kitana litaandikwa mwezi huu kabla mtu yeyote hajaoneshwa, na waraka wa `Zenodo` utaandaliwa lakini hautapandishwa mpaka tupate jibu la msajili kuhusu video. Mwenye pesa bado anataka kutoza Pemba. Kesho tunakaa tena.