Kuhamisha repo kutoka GitHub kwenda GitLab: kusukuma kwa git au kutumia kiingizaji?

Fundi_Mkoba: Habari zenu wakuu. Tunahamisha repo yenye umri wa miaka 6 kutoka GitHub kwenda GitLab tuliyoiweka kwenye seva yetu. Ujumbe wa komiti zetu nyingi husema tu "Inarekebisha #412", basi namba hizo zikivurugika hatutajua sababu ya mabadiliko ya zamani. Nisukume kwa `git push --mirror`, au nitumie kiingizaji cha GitLab?

Pwani01: Mirror inatosha, kaka. Matawi, lebo za matoleo na komiti zote hufika na SHA zilezile.

Mzee_wa_Seva: Pwani01 amesema kweli kwa upande wa git, ila masuala na mijadala ya mapitio haimo ndani ya git, hukaa kwenye hifadhidata ya huduma, na mirror haiigusi. Ningetumia kiingizaji, tena kabla ya mtu yeyote kufungua suala jipya, kwa kuwa huunda mradi mpya na kuzihifadhi namba za zamani. Tatizo liko hapa: GitHub huhesabu masuala na maombi ya kuunganisha kwa mfululizo mmoja, ilhali GitLab huyatenga, suala likiandikwa `#412` na ombi `!412`. Kama 412 yenu ilikuwa ombi, kiungo kilichomo kwenye komiti hakitalifikia. Waweza kuandika upya ujumbe wa komiti, lakini SHA zote zitabadilika kuanzia hapo. Mimi ningeziacha na kueleza jambo hili kwenye README.

Binti_Kasuku: Sisi tulitumia mirror, na kilichotuumiza ni LFS. Siku ya pili picha za bidhaa hazikufunguka. Nilipofungua moja kwa kihariri nikakuta mistari mitatu tu, wa kwanza ukiwa `version https://git-lfs.github.com/spec/v1`. Tulikuwa tumehamisha vielekezi, mafaili yenyewe yakabaki nyuma. Nakala ya zamani ilikuwa bado ipo, tukafanya hivi ndani yake:

```
git lfs fetch --all
git lfs push --all URL_MPYA
```

Pwani01: Hilo la LFS sikulijua. Na paiplaini je, si zinakuja na repo?

Mzee_wa_Seva: Mafaili ya `.github/workflows` yatakuja, lakini GitLab haiyasomi, mtaandika `.gitlab-ci.yml` wenyewe. Siri ndizo za kuanza nazo mapema, maana GitHub haikuonyeshi tena thamani ya siri uliyokwisha kuihifadhi. Nywila ya kupeleka programu kwenye seva itafutwe kwa aliyeitengeneza, la sivyo itengenezwe nyingine.

Fundi_Mkoba: Aliyeitengeneza aliondoka mwaka jana, kwa hiyo tutatengeneza nyingine. Kuhusu komiti, mwenzangu bado anataka ziandikwe upya, nami nakataa, kwa kuwa ripoti zetu za matoleo zinataja SHA. Jumamosi tunajaribu kiingizaji kwenye mradi wa majaribio, kisha tutalinganisha matokeo ya `git ls-remote` ya pande zote mbili.

Binti_Kasuku: Mkilinganisha, msishtushwe na mistari ya `refs/pull` upande wa GitHub, angalieni `refs/heads` na `refs/tags`.