Naomba ushauri: mama kateleza dukani, sakafu imelowa na hakuna kibao

Wakuu, Jumamosi mama yangu aliteleza kwenye supamaketi moja hapa Sinza. Walikuwa wametoka kupiga deki, maji ya sabuni bado yametuama kwenye vigae, kibao cha tahadhari hakuna. Kavunjika mkono. Meneja anasema mama alikuwa anaongea na simu, ajilaumu mwenyewe.

Ninavyoelewa, mwenye duka anapaswa kumkinga mteja na hatari anayoijua, na hii wameisababisha wao. Simu inaweza kupunguza fidia, si kuua kesi. Kufungua shauri la madhara tuna miaka 3, lakini picha za kamera hufutika mapema. Nianze na barua ya wakili wazihifadhi, au nimtafute kwanza mteja aliyemwinua mama atoe ushahidi?