Slabu inavuja, mvua hizo zinakuja: membreni ya lami au dawa ya kupaka?

Kijana wa Uyole
Habari wakuu. Nina nyumba ya kontempo huku Uyole, Mbeya, paa ni slabu, na msimu uliopita ilivuja sebuleni. Tupo Oktoba, mvua zinakaribia. Fundi mmoja anataka tulaze membreni ya lami ya kuchoma kwa gesi. Mwingine anasema ndoo tatu za dawa ya kupaka kwa rola zinamaliza kazi, na bei yake ni chini ya nusu. Nifuate lipi? Naomba majibu ya haraka, wapangaji wa upande wa pili wameshaanza kunung'unika.

Bwana Rola
Paka, mkuu. Membreni ni mambo ya zamani. Jua letu la nyanda za juu linaikausha mpaka inapasuka kama magome ya mti. Mimi nimepaka akriliki nyeupe nyumbani kwangu huku Forest, hata joto la mchana ndani likapungua, na nikiona ufa napaka tena mwenyewe bila kumwita mtu.

Fundi wa Iyunga
Kijana, hujasema chochote cha kutusaidia. Paa ni mita ngapi kwa ngapi? Maji yanatokea wapi? Mvua ikikatika, paa linakauka au linabaki na dimbwi? Kuna ukuta wa pembeni? Kuna kitu kimekaa juu? Slabu ina umri gani? Bila hayo tutabaki kutajiana dawa tunazozipenda.

Rungwe Kijani
Mimi ninavuja kwenye misumari ya bati, nipo Tukuyu. Hiyo membreni inapita juu ya bati la migongo?

Kijana wa Uyole
Samahani wakuu. Slabu ni mita 9 kwa 8, ina miaka minne. Ukuta wa pembeni umezunguka pande zote, kimo kama cha goti. Tobo la kutolea maji ni moja, bomba la plastiki. Maji yanadondoka kwenye taa ya sebuleni na kona moja imeota fangasi. Mvua ikiisha, taa inaendelea kudondosha mpaka kesho yake. Kona ya mbali na tobo inabaki na maji siku mbili. Ndiyo, juu kuna tangi la lita 2,000 kwenye stendi ya chuma.

Fundi wa Iyunga
Sasa tunaongea. Mvua imekwisha na taa bado inadondosha: maana yake juu kuna dimbwi linalojinywesha taratibu ndani ya zege. Dimbwi la siku mbili linaiondoa akriliki ya kawaida kwenye mjadala. Inastahimili mvua inayopita, lakini ikilowekwa inalainika, inavimba na kuachia. Bwana Rola huenda paa lake lina mteremko mzuri, ndiyo maana anaisifia.

Na hizo ndoo tatu hazitoshi. Mita 72 za mraba, ongeza sentimita 30 za chini za ukuta kuzunguka, karibu mita 10 nyingine, ni 82. Dawa nyingi za namna hiyo zinataka kilo moja na nusu hadi mbili kwa mita ya mraba ukijumlisha mikono yote, ndipo ngozi ifike kama milimita moja. Soma ndoo yako. Kwa kilo mbili ni kilo 164, yaani ndoo tisa za kilo 20. Tatu zitakupa rangi tu. Ndiyo maana bei ya yule fundi ilikuwa nusu.

Bwana Rola
Kwamba akriliki haipendi dimbwi, sikatai. Lakini kuna poliurethani, hiyo inakaa na maji bila shida, na haina mshono hata mmoja. Membreni ina mishono kila mita. Mshono mmoja ukiachia umekwisha.

Fundi wa Iyunga
Hapo uko sawa, poliurethani inavumilia. Ila inataka zege kavu hasa, praima yake, na wavu wa faiba kwenye kona na nyufa. Ukipaka juu ya unyevu inatoa povu na vitundu. Na bei yake inaikaribia membreni.

Mama Nsalaga
Nitasema yaliyonikuta, maana hapa watu wanaongelea dawa tu. Mimi nililaza membreni, milimita nne, ile yenye changarawe juu. Fundi alikuwa mzuri na mvua ya kwanza haikuingia tone. Mwaka uliofuata mpangaji akaleta watu wa dishi. Sikuwa nyumbani. Wakapanda, wakatoboa matundu manne, wakafunga bolti zao, wakashuka. Baada ya mwezi maji yakaanza kutoka chumba cha watoto. Dishi lilikuwa juu ya jiko! Tukahangaika na dari ya chumba cha watoto, tukaziba juu yake mara mbili, haikusaidia kitu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye bolti, yanatembea chini ya membreni mpaka mahali ambapo haikushika vizuri kwenye zege, ndipo yanashuka. Fundi wa tatu ndiye aliyekuwa na akili. Aliziba tobo la maji, akamwaga maji juu ya paa sehemu kwa sehemu, akaanzia chini kwenda juu, akangoja. Walipofika jikoni, chumba cha watoto kikalia. Kijana, huo mguu wa stendi ya tangi umeufunga kwa bolti?

Kijana wa Uyole
Mama shikamoo. Ndiyo, umefungwa bolti miguu yote minne. Tangi lipo karibu na juu ya taa ya sebuleni, sasa naanza kuelewa.

Mama Nsalaga
Marahaba mwanangu. Anzia hapo.

Mnyalu Ipogolo
Kamwene. Hivi nani aliwaambia watu wa nyanda za juu kujenga slabu tupu? Babu zetu waliezeka kwa mteremko mkali wala hawakuwa wajinga. Kontempo ni ugonjwa wa picha za mtandaoni. Weka kenchi na bati juu ya hiyo slabu, ficha nyuma ya ukuta, maisha yaendelee.

Bwana Rola
Kenchi na bati kwa mita 72 ndiyo nafuu? Hebu tupe hesabu, Mnyalu.

Mnyalu Ipogolo
Hesabu ni hii: bati halichomwi na gesi.

Kijana wa Uyole
Fundi wa Iyunga, nikienda na membreni, kazi yenyewe inakwendaje? Nataka nisimame juu nikiangalia, nisidanganywe.

Fundi wa Iyunga
Kwanza ondoa tangi na stendi. Tindua plasta yote inayolia tupu ukiigonga, fagia, nyufa zijazwe. Kisha mteremko. Lenga sentimita moja na robo hivi kwa kila mita kuelekea kwenye tobo. Kutoka kona yako ya mbali mpaka tobo, kama ni mita 8, tofauti ni sentimita 10. Kwa saruji na mchanga hilo ni tabaka zito, kwa hiyo mwonyeshe aliyeichora slabu kabla hujalipandisha. Pengine ni rahisi kutoboa tobo la pili kwenye kona hiyo ya dimbwi, na mimi ningeanza na hilo.

Pale ukuta unapokutana na slabu, piga kona ya saruji iliyolala, sentimita 5 kwa 5. Membreni haipendi kukunjwa kama kitabu, itapasuka pale pale.

Zege likiwa kavu, paka praima ya lami, kama lita 25 kwa paa lako lote na ukuta, na ungoje mpaka isishike kidole. Kazi ianzie kwenye tobo la maji. Kipande cha tobo kikunjwe kiingie ndani ya bomba, na hapo moto uwe wa adabu maana bomba ni la plastiki. Halafu rola za uwanja zianzie upande wa chini kwenda juu, ili kila mshono wa juu umwage maji juu ya wa chini. Tandika rola nzima kwanza upate mstari, ikunje tena, ndipo uchome ukiisukuma mbele. Mshono wa ubavuni upishane sentimita 10, wa kichwani 15. Dalili ya kusimamia ni hii: ukingoni mwa mshono lazima utoke mstari mwembamba wa lami iliyoyeyuka. Usipouona, hapo hapajashika. Ikipoa, pitisha ncha ya mwiko kwenye mishono yote. Ikiingia, pachomwe tena.

Mwisho ni ukutani. Membreni ipande angalau sentimita 15 juu ya uso wa paa uliomalizika, na ncha yake iingie kwenye mfereji uliokatwa ukutani, izibwe. Kwa rola za mita 10 kwa 1, ukitoa mipishano unapata karibu mita 9 za mraba kila moja. Uwanja unakula tisa, ukuta moja na kidogo. Nunua 11.

Bwana Rola aliposema jua linaikausha hakukosea kabisa. Ile laini nyeusi isiyo na changarawe inachoka, lazima ipakwe rangi ya fedha ya aluminiamu na irudiwe inapofifia.

Kijana wa Uyole
Asante sana. Kwa hiyo nikianza wiki ijayo namaliza kabla ya Novemba?

Fundi wa Iyunga
Hapo ndipo penye shida. Saruji mpya ya mteremko inataka karibu mwezi kukauka. Ukichoma membreni juu ya unyevu, jua la mchana linaugeuza mvuke, membreni inavimba malengelenge. Kuna kipimo rahisi: bandika nailoni safi ya mita moja, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, iache mpaka kesho. Ukikuta matone ndani au zege limekuwa jeusi, subiri.

Mimi ningefanya hivi: sasa toa bolti, toboa tobo la pili, piga kona za saruji, upake ile dawa ya saruji ya unga unaochanganywa na maziwa yake, mikono miwili, na wavu kwenye kona. Hiyo inapenda zege lenye unyevunyevu. Itakuvusha msimu. Membreni ije juu yake Juni au Julai. Usipake akriliki kwa ajili ya kuvusha, maana mwakani moto utaiyeyusha na itabidi uikwangue yote.

Mama Nsalaga
Julai Uyole asubuhi paa lina umande mpaka saa nne. Waanze mchana.

Bwana Rola
Analipa mara mbili basi. Zege la miaka minne na jua la Oktoba ni kavu tayari. Aache mteremko, atoboe tobo la pili, alaze membreni wiki hii hii.

Fundi wa Iyunga
Nailoni ikitoka kavu, sina ubishi mkubwa. Ila kona mpya za saruji bado ni mbichi, na huko ndiko kunakovuja zaidi.

Rungwe Kijani
Swali langu la bati mmeliruka.

Mama Nsalaga
Baba, badilisha misumari weka skurubu zenye mpira. Membreni ya moto kwenye bati utaunguza kenchi.

Mnyalu Ipogolo
Hakuna aliyemuuliza kichwa cha ukuta wake wa pembeni kimefunikwa na nini. Kama ni tofali na plasta tupu, maji yanaingia kwa juu yanashuka nyuma ya membreni.

Kijana wa Uyole
Ni plasta tupu, na ina nyufa. Nifunike kwa zege au kwa bati la kukunja?

Bwana Rola
Bati la kukunja, liinamie ndani kwenye paa.

Fundi wa Iyunga
Zege, lenye mfereji wa kudondoshea maji chini ya ukingo. Bati huko Uyole upepo wa Agosti utalichukua.

Bwana Rola
Kama limefungwa na fundi maiko, ndiyo.