Naomba ushauri: sharti nililobandika nafasi ya 3 halionekani kwenye tangazo langu la Google

Lori_la_Umoja aliandika:

Ndugu zangu, nina lori mbili ndogo na vijana wanne, na kazi yetu ni kuhamisha watu nyumba hapa Nairobi, hasa Umoja, Donholm, Kasarani na Roysambu. Tangazo langu la utafutaji lina vichwa 12 na maelezo 4, na niliuacha mfumo uchanganye wenyewe. Miongoni mwa vichwa hivyo vimo hivi vitatu: «Kuanzia Sh 8,500», «Tunafika Mombasa na Kisumu» na «Ndani ya Nairobi Pekee». Hicho cha mwisho ndicho sharti la bei, kwa hiyo nilikibandika nafasi ya 3 ili kiwe kinafunga tangazo.

Juzi alinipigia mama mmoja wa Kilimani mwenye nyumba ya vyumba vitatu, anahamia Nyali. Alisisitiza kwamba bei ni shilingi 8,500 kwa sababu ameisoma kwenye simu yake, kisha akanitumia picha ya skrini. Niliifungua nikaona bei na Mombasa vimekaa bega kwa bega, na sharti langu halipo popote. Nimerudi kwenye daftari la simu za wiki mbili: kati ya simu 31, simu 11 zilikuwa za watu wa safari ndefu waliodhani watalipa bei ya mjini. Kila simu kama hiyo nimeilipia bofyo, na mtu anakata akiniona mwongo.

Naomba kujua kwa nini kichwa nilichokibandika kimepotea, na kama dawa ni kubandika kila kitu ili tangazo lisomeke jinsi nilivyoliandika.

DukaLaMitumba_Gikomba alijibu:

Pole sana. Mimi hubandika chapisho langu la bei juu kabisa ya ukurasa, na halijawahi kupotea. Labda uliondoa alama ya kubandika ulipokuwa ukihariri? Angalia zile nukta tatu pembeni mwa chapisho.

Lori_la_Umoja:

Ahsante, lakini hili si chapisho la ukurasa. Ni tangazo linalotokea mtu anapotafuta kwenye Google, na kinachobandikwa ni kichwa kimoja katika nafasi yake ndani ya tangazo.

Kiongozi_74 alijibu:

Kosa lako ni kubandika chochote. Mashine inataka uhuru. Ukibandika, kile kipimo cha Ad strength kinashuka, na kikishuka Google wanakupa alama mbaya, unalipa zaidi kwa kila bofyo na tangazo halionyeshwi. Nilibandika vichwa vyote vya mteja wangu mmoja, kipimo kikaanguka hadi Poor, na wiki iliyofuata maonyesho yakapungua karibu nusu. Bandua vyote, andika vichwa 15, mfumo utajifunza.

Kalamu_ya_Ngara alijibu:

Bwana Lori, nimeandika matangazo ya aina hii tangu zamani za yale matangazo marefu yaliyokoma kutengenezwa mwezi Juni 2022, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole.

Sharti lako halikupotea kwa hitilafu. Tangazo linaweza kuonyesha hadi vichwa vitatu, lakini si lazima livionyeshe vyote vitatu. Pale ambapo skrini ni nyembamba, au mfumo ukiona inafaa, huonyesha viwili, na wakati mwingine kimoja tu. Kubandika kunasema «kichwa hiki kikionekana, kikae hapa». Hakusemi «nafasi hii lazima ionekane». Tena kichwa kilichobandikwa nafasi ya 3 hakiruhusiwi kuhamia nafasi ya 1 wala ya 2, maana yake wewe mwenyewe ulikifungia mahali ambapo huachwa kwanza. Kama kuna neno ambalo mteja hapaswi kulikosa, liweke nafasi ya 1 ya vichwa au nafasi ya 1 ya maelezo. Nafasi ya 2 ya maelezo ina udhaifu uleule wa nafasi ya 3 ya vichwa.

Ndugu Kiongozi ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kipimo kinashuka ukibandika, ila Ad strength hupima wingi na utofauti wa ulichoandika. Hakiingii kwenye mnada wa Google unaoamua tangazo lipi lionyeshwe, wala hakikupandishii bei ya bofyo. Kilichompata mteja wake naamini ni kitu kingine: alipofunga vichwa vyote, tangazo likabaki na sura moja tu kwa kila mtafutaji, awe anatafuta lori, vijana wa kubeba au kampuni ya kufunga vyombo. Mnadani, tangazo lisilogusa swali la mtafutaji linatarajiwa kubofywa kidogo, na hapo ndipo linaposhindwa. Hasara ya kubandika ipo, lakini ipo hapo, si kwenye kile kipimo.

Sasa tazama upande wako. Vichwa vyako 11 visivyobandikwa vinatoa mipangilio 110 katika nafasi mbili za kwanza, na ukizidisha kwa mipangilio 12 ya maelezo manne katika nafasi zake mbili, unapata 1,320. Tangazo lako limeonyeshwa mara ngapi kwa wiki mbili?

Lori_la_Umoja:

Mara 940 hivi.

Kalamu_ya_Ngara:

Basi ile mipangilio ni mingi kuliko maonyesho yako yote. Hakuna mpangilio hata mmoja ambao mfumo umeuonyesha vya kutosha kuujua, na ile ripoti ya Combinations inakupa maonyesho tu, haikuambii nani alipiga simu. Mwenye maonyesho laki moja anaweza kusubiri mashine ijifunze. Wewe itakufundishia kwa simu 11 za hasara kila wiki mbili.

Hata hivyo, singebandika vyote. Ningeanza kwa kuondoa sababu ya ugomvi. Sharti lililo kwenye kichwa kimoja na bei iliyo kwenye kichwa kingine ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa wakati wowote. Sharti lililo ndani ya kichwa chenye bei haliwezi kutenganishwa nayo. Una herufi 30, nafasi za katikati zikihesabiwa. «Bedsita Nairobi Kuanzia Sh 8,500» ni 32, haiingii. «Bedsita Nairobi Toka Sh 8,500» ni 29, inaingia, lakini «toka» peke yake hapo linasomeka kama unamfukuza mtu. Mimi ningeandika hivi:

```
Kuanzia Sh 8,500 Hapa Nairobi
```

Hiyo ni 29. Bedsita naipeleka kwenye maelezo, ambako una herufi 90, na maelezo haya nayabandika nafasi ya 1:

```
Bei ya Sh 8,500 ni ya bedsita, ndani ya Nairobi. Kwa nyumba kubwa tunakagua kwanza.
```

Hiyo ni 83. Kichwa cha bei chenyewe usikibandike popote. Popote kitakapokaa, kinasema ukweli.

Halafu Mombasa na Kisumu viondoke kabisa humo. Hiyo ni huduma nyingine, yenye bei nyingine na watafutaji wengine. Ifungulie kikundi chake cha tangazo chenye maneno yake ya kutafutia na vichwa vyake. Hili la mwisho ndilo ningelifanya leo kabla ya jua kuzama, na tangazo la zamani ningelisimamisha badala ya kulishindanisha na jipya. Tangazo linalodanganya mteja halifanyiwi majaribio.

Dada_wa_Kliniki alijibu:

Naomba kuongeza la kwangu, ingawa si la bei. Ninasimamia matangazo ya kliniki ya meno. Niliandika «Kung'oa Jino Bila Maumivu», «Huduma Isiyo na Uchungu» na «Usiogope Maumivu ya Jino», nikidhani mfumo utachagua bora mojawapo. Siku moja nilitafuta mwenyewe kutoka simu ya jirani nikakuta yote matatu yamejipanga safu moja, uchungu, maumivu, maumivu. Hata mimi jino lilianza kuniuma. Je, nifute mawili?

Kalamu_ya_Ngara:

Dada, usifute. Hapo ndipo kubandika kunafaa kuliko watu wengi wanavyodhani. Vibandike vyote vitatu katika nafasi moja, tuseme nafasi ya 2. Nafasi moja haibebi vichwa viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo vitapokezana na havitakutana kamwe. Mfumo unabaki na la kuchagua, na wewe unabaki na sentensi inayosomeka.

Bwana Lori naye afanye hivyohivyo nafasi ya 1: aweke vichwa vitatu vinavyotaja kazi yenyewe, kwa mfano «Hama Nyumba Jijini Nairobi», kingine cha lori na kingine cha vijana wa kubeba. Vinavyobaki aviache huru. Kisha aandike kila kichwa kwenye kipande cha karatasi, avichanganye, achomoe viwili viwili na kuvisoma kwa sauti. Jozi ikisema uongo au ikijirudia, kichwa kimoja kina kasoro ya kuandikwa, na kukibandika ni kuificha tu.

Kiongozi_74:

Nakubali hilo la mnada, nilichanganya mambo mawili. Lakini bado nasema ukianza kubandika hutajua ulichokikosa. Mteja wangu kichwa chake bora kilikuwa kile ambacho mimi nisingekiweka mbele hata kwa kulazimishwa.

Kalamu_ya_Ngara:

Hilo sikupingi. Ndiyo maana nikasema vitatu kwa nafasi, si kimoja.

Lori_la_Umoja aliandika, wiki tatu baadaye:

Ndugu, narudi na majibu. Safari ndefu nimeitenga. Tangazo la mjini lina vichwa vitatu nafasi ya 1, sita huru, na yale maelezo ya bedsita nafasi ya 1. Kipimo kimeshuka kutoka Good hadi Average, na mibofyo imepungua kidogo. Simu za wiki hizi tatu ni 34, na aliyeuliza Mombasa kwa bei ya mjini ni mmoja, ambaye alisema hakusoma maelezo.

Karatasi zilinionyesha kosa jingine: «Tunakuja Siku Hiyohiyo» ikikaa kando ya «Weka Nafasi Siku 2 Mapema». Nimefuta la pili.

Swali limebaki moja. Wateja wangu wa Roysambu wengi hutafuta kwa Kiingereza, wa Umoja kwa Kiswahili. Nilikuwa na vichwa vya lugha zote mbili ndani ya tangazo moja, na vinachanganyika vibaya. Nibandike Kiingereza nafasi ya 1 na Kiswahili nafasi ya 2?

Dada_wa_Kliniki:

Sisi tumefanya hivyo na wagonjwa hawajalalamika.

Kalamu_ya_Ngara:

Mimi ningetenga vikundi viwili vya tangazo, kila lugha na maneno yake ya kutafutia. Ila kwa maonyesho 940 kwa wiki mbili, ukigawanya mara mbili kila upande utabaki na kidogo mno, na sijawahi kuendesha akaunti ndogo kiasi hicho kwa lugha mbili. Nitumie vichwa vyako vyote vya Kiingereza hapa tuvisome pamoja kwanza.