Mwenyekiti wa AMCOS anataka mawazo ya miradi, mimi nawaza mashine ya alizeti. Nipeleke?

BintiKongwa:
Wakuu, habari za jioni. Mwenyekiti wa chama chetu katutumia wanachama barua pepe, anaomba mapendekezo ya miradi mipya ya kuingiza kipato mwakani. Anataka ukurasa mmoja tu: mradi gani, mtaji kiasi gani, soko liko wapi. Mwisho ni Ijumaa ijayo.

Tunalima alizeti huku Kongwa na tunauza mbegu kama zilivyo. Msimu uliopita yalipita ghalani magunia kama 900. Nafikiria tukope, tununue mashine yetu ya kukamua. Naombeni ushauri kabla sijajiaibisha.

Mzee_wa_Mashudu:
Binti, nimesimamia kinu cha alizeti miaka mingi. Wazo si baya, ila piga hesabu ya siku kwanza. Gunia la kilo 65 mara 900 ni kilo 58,500. Mashine ndogo ya kilo 300 kwa saa, ukiiendesha saa nane, inakula kilo 2,400 kwa siku. Mzigo wenu wote unaisha kwa siku 25 hivi. Siku zinazobaki mashine inakaa, mkopo haukai. Vinu vingi vya Dodoma na Singida vinafungwa sehemu kubwa ya mwaka kwa ugonjwa huo huo, mbegu zimekwisha. Kujaza mwaka mzima mtahitaji fedha ya kununua mbegu za watu wakati wa mavuno, na hiyo huwa kubwa kuliko bei ya mashine yenyewe.

Dogo_Chamwino:
Sasa mashine ya nini? Huku kwetu kukamua ni bure kabisa. Unapeleka gunia, unaondoka na mafuta yako.

Mzee_wa_Mashudu:
Bure ya wapi, mjukuu wangu? Mashudu umemwachia nani? Gunia la mbegu za kawaida likikupa lita 17 za mafuta, nyuma yake kuna mashudu kama kilo 40. Tuchukulie kilo moja ni shilingi 400, hapo umemlipa mwenye kinu 16,000 bila kujua. Kama angekubali 5,000 taslimu, umepoteza 11,000. Kwa magunia 900 ni milioni 9.9. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayatafuta mashudu hayo.

Dogo_Chamwino:
Duh. Hapo umenikamata, mzee.

Nyuki_wa_Kondoa:
Achaneni na alizeti. Kikundi chetu kiliweka mizinga, leo tunavuna asali. Dada andika nyuki, mwenyekiti atafurahi.

BintiKongwa:
Asante kaka, ila kwetu ni mashamba matupu, miti tumeimaliza. Mzee, kwa hiyo niache?

Mzee_wa_Mashudu:
Usiache, punguza. Pendekeza chama kichukue magunia 100, kikakamulishe kwenye kinu cha jirani kwa malipo ya fedha na mashudu yarudi kwenu. Mtapata kama lita 1,700, ni madumu 85 ya lita 20. Andikeni kila gunia limetoa nini. Mbegu zikaushwe vizuri: ukiitafuna ikanyumbuka badala ya kuvunjika, haijawa tayari. Na mafuta yatulie mashapo yashuke kabla ya kujaza madumu, mteja akiona weusi chini harudi. Chupa zenye nembo yenu ziwe baadaye, zinataka TBS. Namba za msimu mmoja zitawaambia kama mashine inafaa.

Salome_Bahi:
Kuhusu mkopo, mwenyekiti wenu akikubali imetosha, si ndiye mkuu wa chama?

Karani_Mstaafu:
Hapana, mama. Bodi inapitia, mkutano mkuu ndio unaoupitisha kwenye makisio ya mwaka. Chama kikikopa, lazima mkopo ukae ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Mwenyekiti anakusanya mawazo, haamui peke yake. Mradi wa magunia 100 unaweza kuendeshwa kwa fedha za chama bila kukopa, kama zipo.

Ila mimi nina wasiwasi mwingine. Mwezi wa Juni wanachama wana ada na madeni. Mchuuzi anafika shambani na noti mkononi. Nani atamwachia chama gunia lake asubiri mafuta yauzwe?

BintiKongwa:
Hilo ndilo hata mimi linanitisha. Wengine walishaanza kuuza pembeni. Labda chama kitoe malipo ya awali ya nusu?

Mzee_wa_Mashudu:
Nusu wataikataa mchuuzi akipandisha kidogo. Sisi tulijaribu theluthi mbili, wengine walileta, wengine hawakuleta. Sina jibu la uhakika hapo.

BintiKongwa:
Basi naandika ya magunia 100, malipo ya awali theluthi mbili, na mashudu yarudi kwetu. Nikishaituma nitaweka hapa alichojibu.