Lebo ikivunjika mistari miwili, kisanduku kikae wapi?

Muulizaji, Jinja: Fomu yetu ya kuandikisha watoto shule ina visanduku vya tiki na vitufe vya duara. Kwa Kiingereza kila lebo ilitosha mstari mmoja. Tulipoweka Kiswahili na Luganda, kwenye simu lebo zinavunjika mistari miwili na kisanduku kinashuka katikati. Mwenzangu anasema ndivyo inavyopendeza. Mimi nataka kibaki mstari wa kwanza. Nani yuko sahihi?

Mchoraji wa Gulu: Mwenzako. Katikati safu inakuwa na mizani, na kidole kinagusa safu nzima, si kisanduku peke yake. Mimi naacha `align-items: center` na sijawahi kulalamikiwa.

Fundi wa Ntinda: Ndugu yangu, kwa safu moja nakubali. Tazama sasa orodha ya safu tano. Herufi za pikseli 16 zenye kimo cha mstari 1.5 zinafanya kila mstari uwe pikseli 24, na lebo ya mistari miwili iwe 48. Ukiweka katikati, kitovu cha kisanduku kinaangukia pikseli ya 24, yaani kwenye mwanya kati ya mstari na mstari, hakielekei neno lolote. Nafasi kati ya safu ikiwa pikseli 4 tu, msomaji hajui chaguo linaanzia wapi. Mzazi anasoma “Nakubali namba ya kitambulisho cha taifa itumike kuthibitisha malipo ya karo”, halafu anatia tiki ya chini yake. Kisanduku kikikaa mstari wa kwanza kinaonyesha mwanzo wa kila chaguo.

Mama Fomu, Mbale: Basi aandike `flex-start` badala ya `center`, kazi imeisha.

Fundi wa Ntinda: Umefika nusu ya njia, dada. Kisanduku cha pikseli 20 kitagusa dari ya mstari wa 24, kwa hiyo kitakaa pikseli 2 juu kuliko maneno. Ni kidogo, lakini jicho linaiona hasa kwenye duara. Wengi wanaongeza `margin-top: 2px` na inakaa sawa, mpaka mtu akuze herufi mara mbili. Hapo mstari ni 48, kitovu chake kiko 24, na kisanduku bado kitovu chake kiko 12. Kimeachwa juu. Afadhali ukipime kwa mstari wenyewe:

```css
.safu { display: flex; align-items: flex-start; gap: 12px; }
.safu input {
  font: inherit;
  flex: none;
  width: 20px; height: 20px;
  margin: 2px 0 0;
  margin: calc((1lh - 20px) / 2) 0 0;
}
```

Usiiondoe `font: inherit`, hapo ndipo watu wanapokwama. `1lh` ni kimo cha mstari cha elementi yenyewe, na `input` kwa kawaida hairithi fonti ya ukurasa. Ina herufi zake ndogo na kimo cha `normal`, karibu pikseli 15. Hesabu inatoka hasi na kisanduku kinapanda juu badala ya kushuka. Ukitaka kuhakikisha, kikague kwenye kivinjari usome `line-height` yake: ikiwa ni `normal`, umepata ugonjwa. Margin ya 2px ya kwanza ni ya simu za zamani. Chrome iliyo chini ya 109 haijui `lh`, itaruka mstari wa pili na kubaki na wa kwanza. `flex: none` inazuia lebo ndefu isikibane kisanduku kikawa chembamba.

Mgeni wa Mbarara: Na mimi ni hilohilo! Nimeweka flex kwenye lebo, maneno yakagawanyika nguzo tatu: “Nakubali”, kisha kiungo “masharti”, kisha “ya shule”.

Fundi wa Ntinda: Hilo ni jingine, mgeni wetu. Ndani ya flex, maneno kabla ya kiungo, kiungo, na maneno baada yake kila kimoja kinahesabiwa peke yake. Funga sentensi nzima ndani ya `<span>` moja, zibaki nguzo mbili tu: kisanduku na maneno.

Mchoraji wa Gulu: Sawa kwa orodha. Lakini kadi ya malipo, yenye mpaka wake, jina la njia juu na ada kwa herufi ndogo chini, zote mistari miwili? Duara likiwa juu linaonekana limening’inia.

Fundi wa Ntinda: Kadi yenye mpaka haichanganyi safu, kwa hiyo hoja yangu ya mwanya inapungua nguvu. Ninachohofia ni Luganda ikivunja ada ikawa mistari mitatu kwenye kadi moja tu: maduara yatapanda na kushuka.

Mchoraji wa Gulu: Kila kadi ina duara lake ndani ya mpaka wake, kupanda na kushuka hakumpotezi mtu. Mimi nabaki katikati kwa kadi.

Muulizaji, Jinja: Orodha nimebadilisha, `font: inherit` ndiyo iliyokuwa inakosekana. Kadi za karo nitazijaribu zote mbili kwenye simu ya upana wa pikseli 360, kwa Luganda.